Niliogopa der, die, das, kumbe kilichonichoma ni saa

Kapsheni ndefu leo, asiye na muda aangalie picha apite zake.

Hiyo picha kanipiga kaka dereva wa Koasta. Hapo ni mbele ya Boma la Kijerumani, mdomo wazi, kidole juu, jasho linanitiririka na jua bado changa. Watu wawili washaniuliza "dada ulikuwa unaimba?" Siimbi jamani, naongea Kijerumani, na ndo mara yangu ya kwanza kukiongea mbele za watu ambao sio mwalimu wangu wala sio wanafunzi wenzangu, baada ya Jumamosi za miaka miwili na ushee za kudamka alfajiri, kugombania daladala la Makumbusho, kukaa darasani Dar mpaka alasiri halafu kurudi Bagamoyo usiku niko hoi.

Kazi yangu wengi mnaijua, natembeza wageni hapa mjini. Boma, Mtaa wa India, Caravan Serai, misheni, na anayetaka magofu nampeleka Kaole. Miaka yote nafanya kwa Kiingereza. Sasa nimemaliza B1, yani ngazi ya tatu kati ya zile sita, na wiki iliyopita likaja kundi la watu kumi na mmoja, wastaafu wengi wao, wametokea Unguja, na aliyewaleta akaniuliza kwenye simu unaweza kuwapeleka kwa lugha yao? Nikasema naweza. Nimekata simu ndo nikaanza kutetemeka.

Kitu nilichokuwa nakiogopa ni der, die, das. Kwa asiyejua, kila jina la Kijerumani lina jinsia, la kiume, la kike au la katikati, na hiyo jinsia ndo inaburuza maneno mengine kwenye sentensi. Unaweza ukasema sisi Waswahili na ngeli zetu tungeona rahisi, lakini ngeli yetu unaiona kwenye kichwa cha neno, kiti, viti, mti, miti, neno lenyewe linakwambia likae wapi. Kwao neno halikwambii kitu. Meza ni dume, taa ni jike, msichana, hebu sikia, msichana ni la katikati. Basi nyumba nzima nilibandika vikaratasi, friji "der Kühlschrank", mlango "die Tür", kitanda "das Bett", mpaka mama akaniuliza mwanangu hii ni dua ya nini, na kuna siku kakuta cha sufurini kimeingia kwenye mchuzi akakinyamazia tu.

Niwaambie ukweli sasa. Siku nzima ile, saa nne na kitu za kuongea, nimekosea der, die, das labda mara mia na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Walinielewa. Kilichoniaibisha ni vitu ambavyo darasani tulivipita wiki ya tatu na kila mtu akasema ah hii nyepesi.

Tuanze na saa, maana aibu ilianza kabla hata sijaonana nao.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nikataka kujionesha. Badala ya kuandika meseji nikatuma voisi, kwa mbwembwe, "Wir treffen uns um halb acht vor der Boma", yani tukutane Boma saa mbili na nusu. Ndo nilivyodhani. Nikaisikiliza mwenyewe mara tatu, matamshi safi, nikalala na amani.

Asubuhi saa mbili kasorobo nipo nyumbani, kikombe cha chai mkononi na kitumbua cha pili mdomoni, simu inaita. Kaka dereva. "Dada uko wapi, wazee wako nimewashusha hapa tangu saa moja na nusu, wamesimama getini wanaangaliana." Nikamwambia haiwezekani, tumekubaliana mbili na nusu. Akanijibu kwa sauti ya mtu asiyetaka kesi, "mi sijui, wao ndo wameniambia".

Nikaruka kwenye bodaboda, na njiani ndo nikaanza kupiga hesabu. Saa zetu tunaanza kuhesabu jua likichomoza, wao wanaanza usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili yetu ni saa nane yao, unaongeza sita, hilo mtu yeyote aliyefanya kazi na wageni analifanya usingizini. Saa mbili na nusu, ongeza sita, inakuwa nane na nusu. Nane ni "acht", nusu ni "halb", haya, "halb acht". Na hapo ndo shimo lilipo, kwa sababu Mjerumani akisema "halb acht" hasemi nane na nusu. Anasema nusu ya kuelekea nane, yani saa saba ishaisha na safari ya kwenda nane imefika katikati. Saba na nusu. Kwa saa zetu ni moja na nusu. Nilitakiwa niseme "halb neun", nusu ya kuelekea tisa. Nilijua! Niliwahi kupata zote kwenye zoezi la kuchora mishale ya saa. Ila pale kwenye zoezi unatoka kwenye picha ya saa kwenda Kijerumani, hupiti kwenye Kiswahili. Mimi barazani kwetu nilipita kwenye Kiswahili kwanza, nikaongeza sita vizuri kabisa, halafu nikaibandika nusu upande wa kwetu.

Tangu siku hiyo kama ni miadi sisemi nusu kabisa, nasema "acht Uhr dreißig", saa nane dakika thelathini, kama tangazo la treni vile, na wala hakuna anayecheka. Na nikitaja kwa mdomo naandika na tarakimu.

Nimefika natweta, nikaomba radhi. "Entschuldigung" nimeisema mara tano. Bibi mmoja mwenye kofia ya ukili, ya Unguja ile, akacheka akasema kitu kirefu sana na mimi nikashika neno moja, "halb", nikajua washaelewa kilichotokea. Wakatulia. Nikasimama mbele ya mlango wa Boma, pale pale kwenye picha, nikaanza.

Mwanzo ulienda vizuri mno. Nilikuwa nimekariri ukurasa mzima, na kitu kilichokaririwa kinatoka chenyewe kama wimbo wa mchakamchaka. Shida ya kukariri Kijerumani ni moja, kitenzi. Ukifunga sentensi ndani ya sentensi, kitenzi kinakwenda kukaa mwisho kabisa, kwa hiyo unabeba mzigo wote mkononi, nani, wapi, lini, na nini, huku wanakutazama wanasubiri umefanyaje. Sisi kwetu kitenzi kimoja "alimpeleka" kishakwambia karibu kila kitu. Nilikuwa nakata sentensi fupi fupi kama kanga za doti, nusu huku nusu huku, na zikakubali.

Halafu nikafika kwenye mwaka.

Boma letu limejengwa 1897. Kwa Kijerumani miaka ya zamani wanaitaja kwa mamia, kumi na nane mia, halafu zile mbili za mwisho. Na zile mbili za mwisho wanaanza na ya nyuma, saba-na-tisini, "siebenundneunzig". Mimi kichwani nina "tisini na saba", mdomo ukaanza na tisa kama ulivyozoea, nikatoa kwa sauti kubwa kabisa, "achtzehnhundertneunundsiebzig". Tisa na sabini. 1879.

Kimya kidogo. Mzee mmoja mrefu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule, akasema taratibu, "Neunundsiebzig? Da waren wir doch noch gar nicht hier." Yani sabini na tisa? Mbona sisi hapo hata hatujafika.

Na ni kweli. 1879 Bagamoyo iko chini ya Sultani wa Zanzibar, Karl Peters mwenyewe na mikataba yake ya ulaghai kaja 1884, vita vya Abushiri ni 1888 na 1889, na Bagamoyo ndo makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar. Vyote nilikuwa navijua, ndo ugali wangu. Lakini mtu anayekusikiliza hajui kama umeteleza ulimi au hujui historia, na hapo ndo namba inakuwa mbaya kuliko der na die. Ukikosea jinsia ya meza, meza inabaki meza. Ukigeuza namba unabaki na namba nyingine nzima nzima, haina jeraha, haina dalili, anayeijua tu ndo atakushtua. Wangekuwa vijana wasiojua wangeenda kwao na 1879 yangu na mimi ningelala nimefurahi.

Nikamuelekeza mzee kwa kidole hewani, nikaandika moja, nane, nikaruka nafasi, nikaandika saba, halafu nikarudi nyuma kuweka tisa katikati. Akacheka kweli kweli. Akaniambia hata yeye akitajiwa namba ya simu ndo hivo hivo anafanya, anaandika ya pili kwanza anarudi. Hiyo sikuwahi kufundishwa na mtu. Sasa kwenye karatasi yangu ya kazi miaka yote nimeiandika kwa herufi kama inavyotamkwa, tarakimu nimezifuta kabisa, maana jicho likiona 97 mdomo unasema tisini.

Maswali sasa. Kwenye ukurasa niliokariri hakuna maswali.

Tukiwa tunatembea kuelekea baharini, yule bibi wa kofia akaja ubavuni akaniuliza kitu haraka haraka, "Wie lange sind Sie denn schon dabei?" Maneno yote sita, saba, nayajua. Moja moja nayajua. Yakiwa yamefungwa fundo moja hivo sikuambulia kitu, nikafanya ile kitu ambayo nimeona wageni wengi wakitufanyia sisi kwa Kiswahili. Nikatabasamu nikasema "Ja, gerne", ndio, kwa furaha. Alikuwa ameniuliza kazi hii nimeanza lini.

Akanitazama, halafu akahamia Kiingereza. Na hilo ndo linauma kuliko kusahihishwa, kwa sababu mtu akishahama kumrudisha kazi. Wana huruma, wanadhani wanakusaidia. Nikamwambia "Bitte auf Deutsch, ich übe noch", tafadhali kwa Kijerumani, bado najifunza, akashika mdomo akaniomba radhi yeye. Tukaanza upya. Nilichogundua hapo, ukisema "Wie bitte?", eti samahani?, wanarudia ile ile kwa kasi ile ile, na wewe unabaki ulipokuwa. Lakini ukirudisha kipande ulichokipata, mi nilisema "Wie lange… was?", muda gani… nini?, basi wanakupa kile kilichokosekana tu, taratibu, "als Führerin", kama muongozaji. Aa! Miaka tisa. Na vile vineno "denn" na "schon" vilivyonivuruga, wala havibebi swali, "denn" iko pale kulainisha tu, kama sisi tunavyotia "eti" au "kwani". Kwani umeanza lini. Ndo hiyo.

Karibu na ufukwe kuna makaburi ya Wajerumani, na hapo hapo jirani pana mnara mdogo kuonesha walipokuwa wanawanyongea Waafrika waliowapinga. Wageni wengi wanachanganya wakidhani Abushiri kanyongewa hapa, hapana, Abushiri wamemnyongea Pangani, Desemba 1889. Hapa ni wengine, ambao majina yao hatuyasikii.

Kwa Kiingereza mimi hapa nina sentensi yangu ya siku zote na imelainishwa, watu walinyongwa, basi, nani kanyonga haisemwi, mgeni ataelewa mwenyewe. Kwa Kijerumani nilikuwa nimeiandaa hivo hivo, kwa kauli ya kutendwa. Ila nilivyowaangalia wale wazee, na wale makaburi yao nyuma yetu, sentensi ikapotea. Nikaokoteza maneno yaliyokuwepo. "Hier haben die Deutschen viele Menschen gehangen."

Neno la mwisho ni kosa, na ni kosa la darasani hasa. Kitenzi "hängen" nilifundishwa kwa picha ya ukutani. Picha inaning'inia ukutani, na mimi natundika picha ukutani, kwao ni kitenzi kimoja lakini wakati uliopita kinagawanyika, kilichoning'inia ni "gehangen", kilichotundikwa na mtu ni "gehängt". Sisi tuna maneno matatu tofauti, kuning'inia, kutundika, kunyonga, hakuna anayechanganya. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pa kunyongea watu na neno la kuta za sebuleni, na hata hilo nimelichukua upande usio sahihi, kama vile watu wale walijining'inia wenyewe.

Yule bibi akasema kwa sauti ya chini sana, "gehängt". Hakusema kwa kunirekebisha, nadhani lilimtoka. Nikarudia. "Die Deutschen haben hier viele Menschen gehängt." Yule mzee mrefu aliyesema "sisi" pale Bomani hakusema sisi. Alivua kofia. Tulikaa hapo dakika mbili tatu, mashua zinaingia, watu wa samaki wanaitana kule chini, na mimi sikujaza ule ukimya kwa Kijerumani wala kwa lugha yoyote.

Misheni tulienda na Koasta, na bora tulienda, maana watu walihitaji kupumua. Nikawasimamisha chini ya miembe, nikanyoosha mkono kwa madaha, nikawaambia misheni hii wameianzisha Mababa wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na mwaka safari hii nikautamka sawa sawa, "achtundsechzig", nikajipongeza moyoni, na hapo ndo ulimi ukalegea. "Und das", nikasema, "ist die alte Kirsche."

Wakacheka mpaka dereva kwenye gari akachungulia. Kanisa ni "Kirche". "Kirsche" ni cheri, lile tunda jekundu dogo dogo la kwao. Nimewaonesha cheri ya zamani ya Bagamoyo.

Hii ch tunakosea karibu wote wa pwani na inashangaza, kwa sababu wenzetu wa bara ndo wanateseka na ile ch nyingine, ya "acht", ya "Bach", ambayo kwetu ni kh ya kheri na khaini, tumezaliwa nayo. Tunajiona mafundi. Sasa hii ya "Kirche" na "ich" sio kh na sio sh, iko katikati, na sisi tukikosa kh tunaangukia sh. Yule mzee mrefu, kumbe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza miaka mingi, akanifundisha pale pale chini ya mwembe. Akasema anza kusema "ja", ulimi umekaa pale pa y, sasa usitoe sauti, puliza tu. Mfano wetu ni kama unataka kusema "yeye" halafu unanong'ona ile y ya mwanzo kwa nguvu. Midomo usiichongoe, ukiichongoa tu ishakuwa sh. Unaweza kuweka kiganja mbele ya mdomo, upepo unatoka mwembamba na baridi. Nikapuliza, dereva akapuliza, watoto wawili waliokuwa wanapita wakapuliza. Dereva kapata kabla yangu, sijamsamehe.

Kumaliza, wakataka kesho yake wapelekwe Kaole. Nikatoa simu kabisa niandike tarakimu, sitaki mchezo. Mzee mmoja wa Leipzig, hajaongea asubuhi nzima, akasema "dreiviertel neun". Robo tatu tisa. Nikasema Mungu wangu hii nayo ipi, nikageuka kwa bibi wa kofia anisaidie, na bibi naye akamgeukia mzee, "Was heißt das denn?", maana yake nini hiyo? Yeye anatokea Hamburg, kwao hakuna anayesema hivyo. Mzee wa Leipzig anaeleza kwa vidole, tisa ni mkate mzima, robo tatu yake ishaliwa, kwa hiyo nane na dakika arobaini na tano, ni rahisi, hata mtoto anajua. Mwingine anasema sio rahisi. Mwalimu akaingia kati na yeye ana yake. Watu kumi na mmoja wa nchi moja wanabishana saa kwa lugha yao, sauti zinapanda, mikono inachora duara hewani.

Nikaandika 8:45 kwenye simu, nikakaa kwenye shina la mwembe, nikafungua maji yangu.